Pete imekwama na kidole kimevimba? Uzi wa kushonea unaweza kuitoa, lakini kuna wakati hospitali haisubiri

Magharibi moja ya Februari, joto la kaskazi likiwa bado halijapoa, mamdogo wangu alitoka uani kwake Fuoni kuchuma asumini. Nyigu akamuuma mgongoni mwa mkono wa kushoto. Akaguna, akaosha mkono kwa maji, akaendelea na asumini zake.

Asubuhi saa 1 akanipigia simu. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye vidole, na pete yake ya ndoa, ya dhahabu, ilikuwa imezama. Nyama ilikuwa imetuna juu na chini yake kama mto uliofungwa kamba katikati.

"Nshaivuta tangu alfajiri," aliniambia. "Kila nkivuta, inazidi kubana."

Hilo ndilo kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kuna njia ya kuitoa pete nyumbani bila kuiharibu, kwa kutumia uzi wa kawaida wa kushonea. Ila kabla ya uzi kuna vitu vya kuangalia, na vikikupa jibu baya, uzi uweke chini uende hospitali.

Kwa nini kuvuta kunazidisha

Damu inaingia kwenye kidole kwa mishipa yenye nguvu, na inatoka kwa mishipa laini ambayo inabanika kirahisi. Kidole kikivimba ndani ya pete, njia ya kutokea ndiyo inayoziba kwanza. Damu na majimaji yanaendelea kuingia lakini hayatoki vizuri, kwa hiyo kidole kinavimba zaidi, pete inabana zaidi, na njia ya kutokea inazidi kuziba.

Uvimbe ukiendelea bila kuzuiwa, hata njia ya kuingilia inaweza kubanwa. Hapo sehemu ya mbele ya kidole inakosa damu, na nyama iliyokosa damu kwa muda mrefu inakufa. Si jambo la kila siku, lakini ndiyo sababu daktari hacheki akiletewa pete.

Sasa ukivuta kwa nguvu, ngozi inajikusanya mbele ya pete kama zulia lililosukumwa na mlango. Kikwazo chenyewe ni kile kifundo cha kati cha kidole, ambacho ni kipana kuliko sehemu pete inapokaa. Ukishakipigisha mara 5 au 6 bila mafanikio, kifundo nacho kinavimba. Yaani umeongeza ukuta pale ulipotaka mlango.

Kabla hujagusa pete, angalia ncha ya kidole

Nilimwambia mamdogo aache kuvuta, nikapanda daladala. Nilipofika, kitu cha kwanza hakikuwa pete. Kilikuwa ncha ya kidole.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Bonyeza kucha ya kidole chenye pete kwa sekunde 5 hivi, kisha uachie. Pale ulipobonyeza patakuwa pamepauka. Damu ikiwa inapita vizuri, rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Fanya hivyohivyo kwenye kidole kama hicho cha mkono wa pili, ulinganishe.

Kwetu hapa kuna tatizo moja ambalo maelezo mengi ya mtandaoni hayalitaji, nalo ni hina na piko. Bibi harusi, au mtu yeyote aliyetoka kwenye shughuli, kucha zake zina rangi nzito na hutaona chochote ukibonyeza. Basi bonyeza upande wa chini wa ncha, ile nyama laini ya upande wa kiganja, mahali ambapo hina haikufika. Kama hina imefika kila mahali, tegemea hisia na ubaridi badala ya rangi.

Kwa ngozi nyeusi pia, kidole kilichokosa hewa hakigeuki buluu ile ya kwenye picha. Kinaweza kuonekana cha kijivu, au cheusi kuliko wenzake, au kimepauka tu. Kwa hiyo usitafute buluu. Tafuta tofauti kati ya kidole hicho na vingine.

Halafu gusa. Je, kidole ni cha baridi kuliko vingine wakati hujakiweka kwenye maji baridi? Mwambie mwenye pete afumbe macho, umguse kidogo kwenye ncha kwa pamba au kona ya kitambaa. Anahisi? Kuna ganzi?

Kama rangi hairudi, kidole ni cha baridi, kina ganzi, au maumivu ni makali na yanazidi, usianze kujaribu njia za nyumbani. Nenda hospitali iliyo karibu. Njiani mkono ukae juu, usiningʼinie.

Vilevile usijaribu nyumbani kama kidole kimepigwa au kubanwa na mlango na huenda kimevunjika, kama kina jeraha la kina, kama kina usaha au wekundu unaopanda kuelekea mkononi, au kama pete imeanza kukata ngozi na kuzama ndani yake. Na kama ni nyoka, pete zote na bangili zivuliwe palepale kabla uvimbe haujaja, kisha safari ya hospitali ianze bila kusubiri.

Kwa kuumwa na nyigu au nyuki kuna jingine: mtu akianza kupumua kwa shida, kuvimba midomo au uso, au kuhisi kuzimia, pete si tatizo tena. Hiyo ni dharura ya mwili mzima.

Mamdogo alikuwa sawa. Rangi ilirudi haraka, alihisi kila nilipomgusa, na kidole kilikuwa cha moto kama mkono wote. Tukawa na nafasi ya kujaribu.

Kwanza kishushe uvimbe, pete iache

Tulianza bila kugusa pete kabisa. Alikaa kwenye kiti, mkono akauegemeza kwenye mito hadi ukawa juu kuliko moyo, kama mtu anayeomba nafasi ya kuzungumza darasani. Majimaji ya kwenye uvimbe yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Dakika 10 zinatosha kuonesha kama kuna mabadiliko.

Pamoja na kuinua, tumia baridi. Maji ya mtungini au ya friji kwenye bakuli yanafaa. Ukiwa na barafu, ile ya mifuko inayouzwa madukani, ifunge kwenye kipande cha kanga. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, na isizidi dakika 10 kwa mara moja. Nasema hivyo kwa sababu baridi kali nayo inapunguza damu kwenye kidole ambacho tayari hakipati ya kutosha. Inafanya pia ncha ichelewe kurudisha rangi, kwa hiyo jaribio la kucha lifanye kabla ya barafu, si baada.

Maji ya moto? Hapana. Watu wengi wanadhani moto utatanua pete. Utatanua, kiasi kisichoonekana kwa macho, huku kidole kikivimba zaidi. Vivyo hivyo kukanda na kusugua kwa nguvu.

Mafuta na kuzungusha

Uvimbe ukipungua, hata kidogo, paka kitu cha kuteleza. Mafuta ya nazi ni mazuri sana, mafuta ya kupikia yanafaa, na sabuni ya maji pia. Paka mbele na nyuma ya pete, kisha izungushe taratibu ili mafuta yaingie chini yake. Kama pete haizunguki kabisa, hiyo ni dalili kwamba njia hii haitafika mbali.

Kama inazunguka, usiivute moja kwa moja. Mtu wa pili airudishe nyuma ngozi iliyo kati ya pete na kiganja, yaani aivute kuelekea mkononi, ili isijikunje. Wewe isukume pete mbele upande mmoja, kisha upande wa pili, kidogo kidogo, kama unavyosogeza kabati zito kwa kona. Ikifika kwenye kifundo, kikunje kidole kidogo tu, usikinyooshe kama fimbo, kwa sababu kidole kilichonyooshwa kabisa kinakusanya ngozi nyingi juu ya kifundo.

Kwa mamdogo, pete ilizunguka, ikasogea mpaka chini ya kifundo, ikagoma. Tulijaribu mara 2 tukaacha. Mara ya 3 ingekuwa ni ubishi tu.

Sasa uzi

Hii ndiyo njia ambayo wauguzi wa dharura sehemu nyingi duniani huitumia kabla ya kukata pete. Wazo lake ni rahisi: badala ya kupigana na uvimbe, unaubana kwa muda mfupi, halafu uzi uleule ndio unaoibeba pete kuivusha kifundo.

Unahitaji kama mita 1 ya uzi. Uzi wa kushonea kofia unafaa, na uzi wa kusafishia meno ni bora zaidi kwa sababu ni bapa na unateleza. Usitumie mshipi wa kuvulia. Najua upo kila nyumba ya pwani na ni imara, lakini ni mwembamba na mgumu, unakata ngozi.

Upakaze uzi mafuta. Kisha pitisha ncha yake moja chini ya pete, kutoka upande wa kucha kwenda upande wa kiganja, ubaki na kipande kifupi cha kama sentimita 15 upande wa kiganja. Ile sehemu ndefu ibaki upande wa kucha. Kama uzi haupiti, tumia kipini cha nywele kilichopakwa mafuta, au sindano ya kushonea iliyotangulizwa kwa upande wa tundu, si wa ncha. Ikiwa hata hapo haupiti, usilazimishe. Pete isiyoruhusu uzi kupita ni ya kukatwa.

Ukishapita, chukua ile sehemu ndefu uanze kuizungusha kwenye kidole. Anza palepale pete inapoishia, kila mzunguko ugusane na uliotangulia, uelekee kwenye kucha mpaka uvuke kifundo cha kati. Kaza vya kutosha kuubana uvimbe, siyo kukata ngozi. Kidole kitageuka rangi na kitauma. Ndiyo maana usianze kuzungusha halafu ukaenda kupokea simu.

Mwisho wa uzi upande wa kucha ushikwe na mwenye pete kwa mkono wake mwingine, au uchomekwe chini ya mzunguko wa mwisho. Sasa shika kile kipande kifupi cha upande wa kiganja, kielekeze upande wa kucha, na uanze kukifungua kwa kukizungusha kidole, ukifuata mwelekeo uleule uliozungushia. Kila mzunguko unaofunguka unaisukuma pete mbele kidogo. Pete inapanda juu ya uzi uliobana, hatua kwa hatua, mpaka inavuka kifundo. Ikishavuka, inatoka yenyewe.

Jaribio letu la kwanza lilishindikana, na ni vizuri ujue kwa nini. Niliacha nafasi kati ya mizunguko. Nyama iliyovimba ikachomoza kwenye zile nafasi kama unga kwenye vidole, na pete ikanasa kwenye mlima wa kwanza. Mamdogo alitoa ukelele nikafungua kila kitu haraka.

Tulisubiri dakika 10, mkono ukiwa juu tena, mpaka rangi ya kidole ikarudi kawaida. Mara ya pili nikaanza kuzungusha karibu kabisa na pete, bila kuacha mwanya hata mmoja, na nikapita kifundo kwa mizunguko kadhaa zaidi. Kwenye jaribio la kwanza nilikuwa nimeishia katikati ya kifundo, nalo lilikuwa kosa la pili.

Wakati wa kufungua ikamuuma pale juu ya kifundo, akashika mkono wangu, "Ngoja, ngoja," kisha akaniachia. Mizunguko 3 zaidi na pete ikadondoka mkekani. Kuanzia kuzungusha uzi hadi kuitoa ilikuwa dakika 3 au 4.

Weka mpaka: majaribio 2 ya uzi, basi. Uzi uliofungwa usikae zaidi ya dakika chache, na kama unashindikana ufungue wote usibakishe hata mzunguko. Baada ya hapo kifundo kinakuwa kimeshasumbuliwa vya kutosha. Na ukiona kidole kimeanza kuwa na ganzi katikati ya majaribio, hata kama ni la kwanza, umemaliza.

Kukata si mwisho wa dunia

Watu wanaogopa neno kukatwa. Wengine wanavumilia siku nzima kwa sababu pete ni ya ndoa, au ni ya marehemu bibi, na hawataki iguswe. Pete ya dhahabu au ya fedha iliyokatwa sehemu moja, sonara anaiunga na kuisafisha. Mji Mkongwe una masonara wanaofanya kazi hiyo kila siku. Mmoja niliyemuuliza alicheka: "Pete leta hata vipande, ntaiunga. Kidole mie sina dawa yake."

Kifaa cha kukatia pete ni kidogo, mfano wa kifungulia kopo. Kina kisahani chembamba chenye meno, na chini yake ulimi bapa wa chuma unaopita kati ya pete na ngozi. Ulimi huo ndio unaolinda kidole, maana msumeno ukimaliza kukata pete unakutana na chuma, si nyama. Sehemu inayokatwa kwa kawaida ni upande wa kiganja, ambako pete nyingi huwa nyembamba na hakuna jiwe. Ikishakatwa, inafunguliwa kwa koleo 2, moja kila upande. Pete nene inaweza kuhitaji mkato wa pili upande wa pili ili itoke vipande 2.

Dhahabu na fedha ni laini, zinakatika kwa dakika chache. Ndio maana zile pete za fedha zenye jiwe la akiki wanazovaa wanaume wengi hapa hazina shida sana, mradi mkato uwe mbali na jiwe. Chuma cha pua na titani ni wagumu zaidi na wanahitaji kisu cha aina nyingine, na kukata kwao kunazalisha joto, kwa hiyo lazima maji yadondoshwe huku kazi ikiendelea.

Tatizo ni zile pete nyeusi au za kijivu zinazong'aa sana, za tangsteni, ambazo siku hizi vijana wengi wanazinunua mtandaoni kwa ajili ya ndoa. Msumeno wa kawaida hauzikati. Lakini ni ngumu na ni tete kwa wakati mmoja, kama kioo kinene. Zinavunjwa kwa koleo la kujifunga lenye skrubu ya kurekebisha. Koleo linafungwa juu ya pete kwa kubana kidogo, linafunguliwa, skrubu inakazwa robo mzunguko, linafungwa tena mahali pengine, mpaka pete inapasuka. Za kauri ni hivyohivyo. Vipande vyake ni vikali na vinaruka, kwa hiyo macho yafunikwe. Kazi hiyo mwachie mtu wa afya au fundi anayeijua, na umtajie mapema pete yako ni ya nini. Kama uliinunua na boksi lake, angalia limeandikwa nini ndani.

Kitu ambacho sitaki usikie umefanya ni kwenda kwa fundi wa mageti akuwekee grenda. Sahani ya grenda inakata pete na inaendelea, haina ulimi wa kuizuia. Na kabla haijakata, pete inapata moto wa kuunguza ngozi iliyo chini yake. Koleo la kukatia waya nalo linaibana pete ndani ya nyama kabla ya kuikata.

Uende wapi

Ukiwa mjini, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko pembeni mwa Mji Mkongwe, na ya Lumumba haiko mbali. Walio kaskazini wana Hospitali ya Kivunge, walio kusini wana Makunduchi. Kama unaweza kupiga simu au kumuuliza mtu anayefanya kazi huko kabla ya kufunga safari, uliza kama wana kifaa cha kukatia pete. Lakini kidole kikiwa na dalili mbaya, usikae kuuliza, nenda ya karibu.

Hospitali ina kitu ambacho wewe huna nyumbani: sindano ya ganzi kwenye shina la kidole. Maumivu yakiondoka, njia ileile ya uzi iliyoshindikana kwako inaweza kufanikiwa mikononi mwa muuguzi, kwa sababu anaweza kukaza vizuri bila mgonjwa kuruka.

Sonara anafaa kama kidole kina rangi nzuri, kinahisi, na shida ni pete kugoma tu. Tena ana kifaa na ana mkono mwepesi. Kama kidole ni cha baridi au kina ganzi, sonara si mahali pake hata kama duka lake liko mlangoni kwako.

Wawili ambao hawafai kusubiri kabisa

Wa kwanza ni mwenye kuchomwa na mwiba wa samaki. Wavuvi wanajua, na wanaoparua samaki jikoni wanajua pia: mwiba wa taa au wa samaki mwenye sumu unauma vibaya na mkono unavimba haraka. Huduma ya kwanza ya maumivu hayo ni kuloweka mkono kwenye maji ya moto ya kustahimilika, yasiyozidi nyuzi 45, na hilo linafanya kazi kweli. Lakini mpangilio ndio muhimu. Pete itoke kwanza, maji ya moto baadaye, maana moto unaongeza uvimbe. Maji yapime kwa mkono mzima, usitumie ule uliochomwa, kwa sababu wenye maumivu hautajua kama unaungua. Kisha nenda hospitali, mwiba unaweza kuwa umevunjikia ndani na chanjo ya pepopunda inaweza kuhitajika.

Wa pili ni mjamzito. Vidole kuvimba taratibu miezi ya mwisho ni kawaida, hasa jioni na hasa wakati wa joto, na ushauri wa vitendo ni kuvua pete mapema, asubuhi, wakati bado inatoka kirahisi. Lakini mikono na uso vikivimba ghafla, pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo inaweza kuwa dalili ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba. Hapo usiangaike na pete. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo upimwe presha na mkojo.

Ikishatoka

Kidole cha mamdogo kilibaki na mfereji mwekundu kuzunguka pale pete ilipokuwa. Huo ni wa kawaida na ulipungua ndani ya siku ile. Osha kwa maji na sabuni, kausha, na kama ngozi imechubuka ifunike. Mkono uendelee kukaa juu. Nenda ukaangaliwe ikiwa ganzi haiondoki, kidole hakikunjiki au hakinyooki kama mwanzo, au siku inayofuata kinauma zaidi badala ya kupungua.

Pete usiirudishe mpaka uvimbe uishe wote. Mamdogo alitaka kuivaa siku ya 3, nikamwambia asubiri wiki. Kama unataka sonara aitanue, usiende kupima kidole kikiwa bado kimevimba, utarudi na pete inayodondoka kwenye beseni la kufulia. Pima jioni, siku ya joto la kawaida, kidole kikiwa kikubwa kama kinavyokuwa siku zote, na pete mpya ipite kifundo kwa kusukumwa kidogo tu.

Yake aliipeleka mjini ikatanuliwa. Kwa sasa anaivaa, isipokuwa akitoka uani kuchuma asumini. Hapo anaivua, anaitia kwenye kikopo cha udi juu ya kabati.